Sakafu Safi

Kinyozi kijana alifungua mlango saa moja asubuhi, akapangusa vioo viwili vilivyotazamana, akatia mafuta kwenye meno ya mashine, kisha akafagia sakafu ambayo haikuwa na hata unywele mmoja. Kwa miaka mitatu alikuwa amewanyoa wateja wa mtu mwingine katika kiti cha mtu mwingine. Leo kiti kilikuwa chake, nacho kilikuwa kitupu.

Kufikia saa nne alikuwa amefagia mara tatu. Mtu mmoja aliingia kuuliza njia, na mtoto mmoja akaja kujitazama kiooni, akatoa ulimi, akaenda zake. Mara mbili wanaume wenye nywele zilizozidi walisimama mlangoni, wakaitazama sakafu iliyong'aa na shuka lililokunjwa vizuri, wakapita. Watu hupenda kuona kichwa cha mwenzao kimetangulia, lakini kijana hakulijua hilo bado; alidhani usafi haujatosha, akafagia mara ya nne.

Saa saba mikono ilianza kumwasha kwa kukosa kazi. Alijitazama, akaona nywele zake zimeota ovyo, akawasha mashine. Mbele na pembeni kazi ilikwenda vizuri. Kisogoni, hata hivyo, vioo vile viwili vilimchanganya hata asijue mkono uelekee wapi, na mashine ikachimba mtaro uliopanda karibu na utosi. Kinyozi hajinyoi: methali hiyo aliisikia tangu utotoni, ila hakuwahi kudhani kwamba inamsema yeye. Mara akasikia kikohozi mlangoni. Alivaa kofia upesi. Nywele zikabaki sakafuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Naona leo umepata watu," mzee alisema huku akizitazama zile nywele, akaketi bila kungoja kukaribishwa.

Kijana hakukana wala hakukubali. Alimfunga shuka, akapangusa meno ya mashine kwa spiriti, akaanza na ndevu, taratibu, akiivuta ngozi kwa kidole kila palipokuwa na kunjo. Hofu ilimtoka, jasho nalo likamtoka, na kwa kujisahau akaivua kofia ajifute uso. Katika kioo cha mbele, mzee alikiona kisogo chote kama kilivyoonekana katika kioo cha nyuma.

"Huyo mteja wa kwanza alikuwa nani?"

"Ni mimi, mzee."

Mzee alicheka hadi ikambidi kijana aiondoe mashine shavuni. "Nimalize kwanza. Kisha keti wewe, unipe hiyo mashine. Kusawazisha kisogo hakunishindi."

Ndivyo alivyowakuta mwanaume mmoja wa wale wa asubuhi, aliyekuwa akirudi. Alitazama nywele zilizotapakaa, akamtazama kijana aliyefungwa shuka, kisha akamgeukia mzee mwenye mashine mkononi.

"Kinyozi, nisubiri?"

"Subiri," mzee alijibu. "Huyu hachelewi."