Kweli au Si Kweli: Jaribio la Jiografia Kuhusu Dhana Kumi Zilizozoeleka

Jaribio hili limeandaliwa kwa wanafunzi wa kidato cha pili walio katika klabu ya jiografia, nalo litafanywa kwa dakika 30 bila kutazama kitabu wala ramani. Soma kila kauli kwa makini, andika KWELI au SI KWELI, kisha eleza sababu yako kwa sentensi moja au mbili. Jibu sahihi lina alama 1 na sababu sahihi ina alama 2, kwa kuwa mtu anaweza kubahatisha jibu lakini ni vigumu sana kubahatisha sababu. Jumla ya alama ni 30. Sehemu ya Pili isifunguliwe mpaka kila mmoja awe ameweka kalamu chini.

SEHEMU YA KWANZA: KAULI

1. Majira ya joto na ya baridi hutokea kwa sababu dunia hulikaribia jua katika miezi fulani na kuwa mbali nalo katika miezi mingine.

2. Mtu aliyesimama kwenye ikweta huliona jua la adhuhuri likiwa utosini kila siku ya mwaka.

3. Sahara ndilo jangwa kubwa kuliko yote duniani.

4. Afrika ndilo bara pekee linalokatwa na ikweta na pia na longitudo 0.

5. Kisiwa cha Grinilandi kinakaribia kulingana na bara la Afrika kwa ukubwa.

6. Mwezi hubadilika sura, kutoka mwandamo hadi mpevu, kwa sababu kivuli cha dunia huufunika na kuufunua.

7. Chini ya gamba la dunia kuna bahari ya mwamba ulioyeyuka, na mabara yanaelea juu yake.

8. Mito haiwezi kutiririka kuelekea kaskazini.

9. Kujaa na kupwa kwa maji ya bahari husababishwa na mvutano wa mwezi pamoja na wa jua.

10. Kilele cha mlima Everesti ndiyo sehemu ya uso wa dunia iliyo mbali zaidi na kitovu cha dunia.

SEHEMU YA PILI: MAJIBU NA MAELEZO

1. SI KWELI. Hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi ninaposahihisha madaftari, na chanzo chake kinaeleweka, kwani kila mtu anajua kwamba anayeusogelea moto huona joto zaidi. Ni kweli vilevile kwamba umbali kati ya dunia na jua hubadilika: mwanzoni mwa Januari ni takriban kilomita milioni 147, na mwanzoni mwa Julai ni takriban kilomita milioni 152. Lakini iangalie miezi yenyewe. Januari, wakati dunia iko karibu zaidi na jua, ndipo theluji inapofunika sehemu kubwa ya Kanada na Urusi, na wakati huohuo Australia imo katika majira yake ya joto. Kama umbali ungekuwa ndio sababu, kizio cha kaskazini na kizio cha kusini vingepata joto kwa pamoja na baridi kwa pamoja.

Sababu ya kweli ni mhimili wa dunia, ambao umeinama kwa nyuzi 23.5 hivi na ambao huendelea kuelekea upande uleule wa anga mwaka mzima, dunia inapolizunguka jua. Mwezi Juni kizio cha kaskazini huwa kimeinamia jua. Mwezi Desemba zamu hiyo huwa ya kizio cha kusini. Ili kuona kwa nini mwinamo huo una nguvu kiasi hicho, chukua kurunzi na karatasi nyeupe katika chumba chenye giza. Mulika karatasi kwa kurunzi iliyosimama wima, na utaona duara dogo lenye mwanga mkali. Sasa ilaze kurunzi ubavu bila kuisogeza mbali: duara linarefuka, linapanuka, na mwanga wake unafifia, ingawa kurunzi ni ileile na betri ni zilezile. Mwanga uleule umegawanywa katika eneo kubwa zaidi, na kila sehemu ya karatasi imepata kidogo.

Ndivyo inavyokuwa kwa ardhi. Katika latitudo 60 Kaskazini, jua la adhuhuri hupanda hadi nyuzi 53 hivi juu ya upeo wa macho mwishoni mwa Juni, lakini mwishoni mwa Desemba hufikia nyuzi 6 tu. Tena urefu wa mchana hupungua kutoka karibu saa 19 hadi takriban saa 6. Miale iliyolala na mchana mfupi vikikutana, ardhi hupoteza joto jingi kuliko inavyopokea. Atakayeandika tu kwamba "dunia imeinama" apewe alama 1 ya sababu. Alama ya pili ni ya yule atakayetaja kulala kwa miale au urefu wa mchana.

2. SI KWELI. Jua hupita utosini kwenye ikweta mara mbili tu kwa mwaka, karibu na tarehe 21 Machi na tarehe 23 Septemba. Mwishoni mwa Juni jua la adhuhuri huwa limesogea nyuzi 23.5 upande wa kaskazini, kwa hiyo fimbo iliyosimikwa wima kwenye ikweta hutoa kivuli kinachoelekea kusini. Mwishoni mwa Desemba kivuli hicho hugeuka na kuelekea kaskazini. Aliyelielewa vizuri jibu la kwanza angeweza kulipata hili bila kukariri chochote.

3. SI KWELI. Jangwa hupimwa kwa uhaba wa mvua na theluji, wala halipimwi kwa mchanga au joto. Kwa kipimo hicho jangwa kubwa kuliko yote ni Antaktika, yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba milioni 14, ambayo sehemu zake za ndani hupata unyevu mdogo mno kwa mwaka. Sahara, yenye takriban kilomita za mraba milioni 9, ndilo jangwa kubwa zaidi la joto.

4. KWELI. Ikweta hupita katika nchi kama Gaboni, Uganda na Kenya, na longitudo 0 hupita Aljeria, Mali, Bukinafaso na Ghana. Mistari hiyo miwili hukutana baharini, katika Ghuba ya Gine.

5. SI KWELI. Afrika ina kilomita za mraba zipatazo milioni 30, na Grinilandi ina milioni 2.2 hivi, maana yake ni kwamba Grinilandi ingeingia ndani ya Afrika karibu mara 14. Dhana hii inatokana na ramani iliyotundikwa katika kuta nyingi za madarasa. Gerardus Mekata aliichora ramani ya aina hiyo mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia, ili mstari mnyoofu kwenye karatasi uonyeshe mwelekeo usiobadilika wa dira. Kwa kazi hiyo ramani yake ilikuwa hazina. Lakini ganda la chungwa halilaliki juu ya meza bila kuchanika au kuvutwa, na Mekata alichagua kulivuta: kadiri nchi inavyokuwa mbali na ikweta ndivyo inavyotanuliwa, hata katika latitudo 60 eneo huonekana kubwa mara 4 kuliko eneo linalolingana nalo lililo kwenye ikweta. Kwa maoni yangu, mwanafunzi hapaswi kujifunza ukubwa wa nchi kwa ramani ya ukutani kabla hajashika tufe mikononi mwake.

6. SI KWELI. Nusu ya mwezi inayolielekea jua huwa na mwanga daima. Kinachobadilika ni kiasi cha nusu hiyo tunachokiona sisi kadiri mwezi unavyoizunguka dunia. Ushahidi uko wazi machoni petu: mwezi mwandamo huonekana magharibi mara baada ya jua kuzama, upande uleule lilipo jua, ilhali kivuli cha dunia wakati wote huelekea upande usio na jua. Kivuli hicho huufikia mwezi wakati wa kupatwa kwa mwezi tu, jambo linaloweza kutokea mwezi unapokuwa mpevu.

7. SI KWELI. Picha ya ganda jembamba lililo juu ya uji wa moto inavutia, na vitabu vingi huipaka rangi nyekundu inayozidi kuiimarisha. Hata hivyo tabaka lililo chini ya gamba, yaani mantili, ambalo hushuka hadi kina cha kilomita 2,900 hivi, kwa sehemu kubwa sana ni mwamba yabisi. Mwamba huo una joto kali na umekandamizwa kiasi kwamba husogea polepole bila kuyeyuka, sentimita chache kwa mwaka, karibu sawa na mwendo wa kucha kukua.

Tunajuaje, wakati shimo refu kuliko yote lililowahi kuchimbwa kwenda chini, lile la rasi ya Kola nchini Urusi, liliishia mita 12,262? Matetemeko ya ardhi ndiyo yanayotupa habari. Hutoa mawimbi ya aina mbalimbali, na aina moja, inayotikisa mwamba kwa kukingama na njia inayopita, haiwezi kupita katika kimiminika. Mawimbi hayo hupita katika mantili bila shida, kisha hukomea kwenye kiini cha nje, na kwa hiyo tunajua kwamba kimiminika kipo huko. Mwaka 1936 mwanasayansi wa Denmaki, Inge Lehmann, alionyesha kwamba katikati kabisa kuna kiini cha ndani, ambacho leo tunajua kuwa ni yabisi. Magma ya volkeno hutokana na sehemu ndogo za mwamba zinazoyeyuka pale shinikizo linapopungua au maji yanapoingia.

8. SI KWELI. Maji hufuata mteremko, na kaskazini si juu isipokuwa kwenye karatasi. Nile hutiririka kuelekea Bahari ya Mediterania, nayo Lena na Yenisei huelekea Bahari ya Aktiki.

9. KWELI. Mwezi hufanya kazi kubwa zaidi kwa sababu uko karibu, lakini mchango wa jua unakaribia nusu ya ule wa mwezi. Jua, mwezi na dunia vinapokuwa katika mstari mmoja, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mivutano hiyo miwili husaidiana na bahari huwa na bamvua. Mwezi unapokuwa nusu, mivutano hupingana na tunapata maji mafu. Aliyetaja mwezi pekee katika sababu yake apewe alama 1. Aliyetaja bamvua na maji mafu apewe zote mbili.

10. SI KWELI. Everesti, wenye mita 8,849, ndio mrefu kuliko yote ukipima kutoka usawa wa bahari. Lakini dunia haikuviringika sawasawa: kuzunguka kwake kumeitanua katikati, hivyo umbali kutoka kitovuni hadi ikweta unazidi umbali hadi ncha kwa kilomita 21 hivi. Mlima Chimborazo wa Ekwado una mita 6,263 tu, ila unasimama karibu sana na ikweta, juu ya uvimbe huo, na kilele chake kiko mbali na kitovu cha dunia kuliko kilele cha Everesti kwa takriban kilomita 2. Anayesimama pale, juu ya barafu, amefika mbali zaidi na kitovu kuliko mtu yeyote mwingine aliyekanyaga ardhi.