Ombi la kushikiliwa Ukumbi Mkubwa tarehe 14 hadi 16 Oktoba 2026, na uthibitisho wa masharti

Kumb. Na. KMK/2026/14
10 Juni 2026

Kwa: Meneja wa Ukumbi
Kutoka: Katibu, Kamati ya Maandalizi ya Kongamano la Wakutubi

Ndugu Meneja,

YAH: KUSHIKILIWA KWA UKUMBI MKUBWA KWA AJILI YA KONGAMANO LA WAKUTUBI

Tafadhali rejea ziara tuliyoifanya ukumbini kwako siku ya Jumatatu tarehe 8 Juni 2026, pamoja na makadirio ya gharama uliyotutumia kesho yake. Tunakushukuru kwa muda uliotupa na kwa kutufungulia kila mlango tuliouomba. Baada ya kuona tuliyoyaona, Kamati imekubaliana kwamba Ukumbi Mkubwa ndio unaofaa kwa kongamano letu la wakutubi 240, na kwa barua hii tunaomba rasmi utushikilie ukumbi huo pamoja na chumba kidogo kilicho upande wake wa kulia kwa siku ya Alhamisi tarehe 15 na Ijumaa tarehe 16 Oktoba 2026, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa moja jioni, na Jumatano tarehe 14 Oktoba kuanzia saa nane mchana hadi saa mbili usiku kwa ajili ya maandalizi.

Hatuwezi kulipa malipo ya awali leo, kwa sababu fedha za kongamano huidhinishwa na kikao cha fedha, na kikao kijacho ni Jumanne tarehe 23 Juni. Kwa hiyo tunaomba ukumbi ushikiliwe kwa jina letu bila malipo hadi Ijumaa tarehe 26 Juni 2026, saa kumi alasiri. Saa hiyo ikipita bila sisi kulipa wala kuandika, utakuwa huru kuutoa kwa mteja mwingine bila kutuuliza, nasi hatutakuwa na dai lolote.

Katika kipindi hicho anaweza kujitokeza mteja mwingine aliye tayari kulipa papo hapo, na hatutarajii umfukuze. Tunachoomba ni kwamba, kabla hujamkubalia, utuarifu kwa maandishi kupitia anwani ya barua pepe tuliyokuachia, kisha utupe siku mbili za kazi za ama kulipa malipo ya awali au kuachia tarehe. Siku hizo zihesabiwe tangu taarifa yako itufikie, na Jumamosi na Jumapili zisihesabiwe, maana taarifa ikija Ijumaa jioni hakuna benki itakayotusaidia hadi Jumatatu.

Naomba unielewe kwa nini nasisitiza jambo hili. Miaka miwili iliyopita, katika ukumbi mwingine, tuliahidiwa tarehe kwa mdomo, na jina letu likaandikwa kwa penseli katika daftari la nafasi. Zikiwa zimebaki siku tisa, tulikuta jina hilo limefutwa na lingine limeandikwa juu yake kwa wino, wakati washiriki wetu walikwisha kukata tiketi za safari. Hakuna aliyetudanganya kwa makusudi. Aliyetuahidi alikuwa likizo, na aliyeshika daftari hakujua kwamba ahadi ilikuwepo. Tangu siku hiyo Kamati haitangazi tarehe kabla ya kuwa na karatasi yenye sahihi, na ndiyo maana mialiko ya Oktoba bado haijatoka.

Kuhusu malipo, tumeelewa kutoka kwenye makadirio yako kwamba malipo ya awali ni asilimia 30 ya gharama yote, na asilimia 70 iliyobaki hulipwa siku 14 kabla ya shughuli, yaani ifikapo tarehe 1 Oktoba 2026. Tunakubali. Tunaomba tu uthibitishe mambo mawili ambayo makadirio hayakuyataja: kwanza, kwamba jumla iliyoandikwa tayari ina kodi ya ongezeko la thamani ndani yake, na pili, kwamba saa za maandalizi za Jumatano hazitozwi kando, kama ulivyotueleza tulipokuwa jukwaani. Malipo yote tutayapeleka katika akaunti ya taasisi inayomiliki ukumbi, na kila malipo yatolewe stakabadhi. Hatutampa mtumishi yeyote fedha taslimu, hata akiwa na nia njema ya kutusaidia kuharakisha.

Sharti ambalo hatujakubaliana nalo bado ni la kughairi. Ulitueleza kwamba malipo ya awali hayarudishwi kwa hali yoyote. Tunatambua kwamba kila siku ukumbi unaposhikiliwa kwa ajili yetu unawakosa wengine, na kwamba hasara yako huongezeka kadiri tarehe inavyokaribia. Kwa sababu hiyo hiyo tunaona marejesho nayo yafuate ukaribu wa tarehe. Tunapendekeza kwamba tukighairi kabla ya tarehe 16 Agosti 2026, ambayo ni siku 60 kabla ya kongamano, turudishiwe malipo ya awali yote isipokuwa sehemu moja ya kumi kwa ajili ya gharama za ofisi. Tukighairi kati ya tarehe hiyo na tarehe 15 Septemba, turudishiwe nusu. Na baada ya hapo tusirudishiwe chochote, isipokuwa pale ambapo ukumbi utapata mteja mwingine kwa siku zile zile. Endapo utafanikiwa kuukodisha tena, kubaki na malipo ya pande mbili kwa siku moja hakutakuwa haki, na naamini utakubali hilo.

Vivyo hivyo, ikiwa ukumbi ndio utakaoshindwa kutupokea, iwe kwa matengenezo, kwa hitilafu au kwa uamuzi wa wamiliki, tunaomba turudishiwe fedha zote tulizolipa ndani ya siku saba, na utusaidie kutafuta ukumbi unaolingana na huu. Ikiwa kongamano litazuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wetu sote, kama mafuriko, mlipuko wa maradhi au amri ya serikali ya kuzuia mikusanyiko, tunapendekeza malipo yahamishiwe tarehe nyingine ndani ya miezi 12 bila nyongeza.

Naja sasa kwenye ukumbi wenyewe. Ulitueleza kwamba unachukua watu 300, na hilo ni kweli kwa viti vilivyopangwa safu kwa safu bila meza. Washiriki wetu watakuwa wakiandika na kufanya kazi kwa makundi, hivyo tunahitaji meza 40 zenye viti sita kila moja, na tulipopima pamoja kwa futi kamba tuliona zinatosha iwapo meza mbili za nyuma kushoto zitasogezwa mbele ya zile nguzo. Hatutasajili mtu wa 241, wala hatutaweka kiti mbele ya milango miwili ya dharura.

Jambo lililonigusa zaidi siku ile ni mlango wa pembeni wenye mteremko. Tuliukuta umefungwa kwa kufuli, na viti vya akiba vimerundikwa mbele yake hadi kufikia kitasa. Washiriki wetu watano hutumia viti vya magurudumu, na mmoja wao ndiye mzungumzaji mkuu wa siku ya kwanza. Tunaomba mlango huo uwe wazi siku zote mbili tangu saa moja asubuhi, viti vihamishwe, na mteremko wa mbao uwekwe kwenye ngazi tatu za jukwaa ili mzungumzaji apande mwenyewe. Sitapenda kumwona mgeni wetu akibebwa na vijana wanne mbele ya wenzake huku wote wakimtazama. Kama ukumbi hauna mteremko wa jukwaa, tafadhali tujulishe mapema nasi tutautengeneza kwa gharama zetu, mradi uturuhusu kuuleta Jumatano.

Kuhusu umeme, tulifurahi ulipozima swichi kuu ili kutuonyesha jenereta, na taa zilirudi kabla hatujamaliza kuhesabu hadi kumi na tano. Hata hivyo, soketi inayolisha projekta katika chumba kidogo ilibaki haina umeme mpaka ulipowasha swichi kuu tena. Tunaomba soketi hiyo iunganishwe kwenye laini ya jenereta kabla ya tarehe 14 Oktoba, nasi tutaijaribu pamoja na fundi wako jioni hiyo. Vipaza sauti vinne visivyo na waya, projekta mbili, skrini na intaneti tumeviona katika makadirio na tunavikubali kama vilivyo. Fundi wa mitambo awepo muda wote wa vikao, si wa kuitwa kwa simu.

Kati ya Ukumbi Mkubwa na ukumbi wa jirani kuna ukuta wa kukunjwa tu, na sauti hupenya. Hatuwezi kukuzuia kuukodisha ukumbi huo, lakini tunaomba pasiwe na muziki wala majaribio ya spika humo kati ya saa mbili na nusu asubuhi na saa kumi na moja jioni siku zetu zote mbili. Tutakuwa na wakalimani wawili wa lugha ya alama, ambao hufanya kazi kwa kumsikiliza mzungumzaji, na kelele ikizidi, wanaowategemea hukosa maelezo.

Chakula tutaletewa na mpishi wetu, kama ulivyoruhusu, na usafi wa mahali pa kulia utakuwa juu yetu. Uharibifu wowote tutaulipia baada ya ukaguzi wa pamoja, utakaofanywa Jumatano kabla hatujaanza kupanga na tena Ijumaa kabla hatujaondoka, na matokeo yake kuandikwa na kusainiwa na pande zote mbili.

Barua hii ni ya kushikilia ukumbi na kuweka bayana masharti. Si mkataba wa kukodi. Tunaomba mkataba utakapoandaliwa uyabebe masharti haya, na pale utakapotofautiana nayo, tofauti hiyo ioneshwe wazi kabla hatujasaini. Nimeambatisha nakala mbili. Ukiafiki, tafadhali saini zote, utie tarehe na muhuri, kisha uturudishie moja ifikapo Jumatatu tarehe 15 Juni 2026. Kama kuna sharti usiloliafiki, hasa lile la kughairi, liandikie pendekezo lako pembeni nasi tutalijibu ndani ya siku mbili, lakini tunakuomba uanze kutushikilia tarehe tangu utakapoipokea barua hii, na utuandikie mstari mmoja kuthibitisha kwamba umeziingiza katika daftari kwa wino.

Wako mwaminifu,

(Imesainiwa)
Katibu
Kamati ya Maandalizi ya Kongamano la Wakutubi

Nakala: Mwenyekiti wa Kamati, Mweka Hazina

UTHIBITISHO WA UKUMBI

Nimeisoma barua yenye Kumb. Na. KMK/2026/14 na ninathibitisha kwamba Ukumbi Mkubwa na chumba kidogo vimeshikiliwa kwa Kamati ya Maandalizi ya Kongamano la Wakutubi kwa tarehe 14, 15 na 16 Oktoba 2026, hadi Ijumaa tarehe 26 Juni 2026, saa kumi alasiri, kwa masharti yaliyoandikwa humo, pamoja na marekebisho yoyote niliyoyaandika pembeni na kuyatia sahihi.

Sahihi ya Meneja wa Ukumbi, tarehe na muhuri