Mashine ya kusaga imewaka Kihonda: karibuni kuiona

Wapendwa ndugu, jamaa na marafiki,

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, hamjambo. Nimeandika ujumbe mmoja kwa wote ili asiwepo wa kusikia habari hii mtaani kabla hajaisikia kwangu. Jumatatu iliyopita mimi na Baba Neema tumefungua mashine ya kukoboa na kusaga nafaka hapa Kihonda, Morogoro. Imewaka, inasaga, na wateja wa kwanza wamekuja na ndoo zao kichwani. Tunamshukuru Mungu, na tunawashukuru ninyi mliokuwa mkinisikia miaka yote nikisema nitafungua mashine, na mkawa mnauliza tu, "Umefikia wapi?"

Kabla sijaeleza tunachofanya, niseme hili mapema ili mengine myasome kwa raha: siwaandikii kuwaomba mnunue. Simu zetu zimejaa mambo. Kuna michango ya harusi, kuna misiba, kuna ada za watoto, na kila wiki kuna mwenzetu anauza kitu, naye ana haki ya kuuza. Sitaki unga wangu uwe mchango mwingine. Wengi wenu mna mtu wenu wa unga mliyemzoea, wengine mnaletewa gunia kutoka shamba, na wengine mko Mwanza, Songea na Dodoma ambako unga wangu haufiki. Bakini hivyo hivyo. Usiponunua usinieleze sababu, wala usione aibu kuja kwangu Krismasi. Sina daftari la nani kaja na nani hajaja.

Sasa kazi yenyewe. Tuna huduma mbili. Ya kwanza ni kumsagia mtu nafaka yake: unaleta mahindi, mtama, ulezi au muhogo mkavu, tunapima mbele yako, tunasaga, unaondoka na unga wako. Dona ni shilingi 100 kwa kilo. Kukoboa na kusaga sembe ni shilingi 150, na pumba ni zako ukizitaka, maana najua wenye kuku na nguruwe mko wengi humu. Ya pili ni unga tunaousaga wenyewe na kuuza: dona kilo shilingi 1,400, sembe 1,700, kwenye mifuko ya kilo 5, 10 na 25.

Mahindi tunayatoa Gairo, kwa wakulima niliowafahamu tangu nikiwa karani kwenye duka la pembejeo. Hapa naomba mnivumilie nieleze kidogo, maana hili ndilo lililonifanya nitake mashine yangu mwenyewe. Mnakumbuka mwaka 2016, watu walivyougua na wengine kufariki Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu ile inatokana na ukungu unaoota kwenye nafaka iliyovunwa au kuhifadhiwa ikiwa na unyevu, na ubaya wake ni kwamba kuupika ugali hakuimalizi. Wala huwezi kuitambua kwa kuonja. Kinga kubwa iko mwanzoni kabisa: mahindi yakaushwe vizuri, yasimwagwe chini kwenye udongo, na yaliyooza yatolewe kabla ya kusagwa.

Kwa hiyo kitu cha kwanza tulichonunua, kabla hata ya mizani, ni kipima unyevu. Gunia likizidi asilimia 13.5 silinunui, hata kama bei inavutia na muuzaji ni mtu wangu. Yaliyopita tunayamwaga juu ya turubai, na akina mama wawili ninaofanya nao kazi wanakaa kuyachambua kwa mkono. Punje iliyobadilika rangi, iliyonyauka, iliyotobolewa na wadudu, yote inatupwa, na hatuipeleki hata kwa kuku, kwa sababu kuku naye inamdhuru. Kazi hii inakula asubuhi nzima. Nawaambia ili mjue kwa nini siku nyingine mtakuta unga umekwisha na mashine haijaanza kusaga mwingine.

Kitu kingine ambacho ningependa mkione kwa macho yenu ni sumaku. Ndani ya mashine kuna nyundo za chuma zinazopiga mahindi kwenye wavu wa chuma, na chuma kikisuguana na chuma lazima kilike. Unga ule unaopita puani mwa mashine ukiwa wa moto unaweza kubeba chembe nyeusi ndogo kuliko chumvi. Baba Neema ameweka sumaku kwenye njia ya unga, na kila jioni tunaifuta kwa kitambaa cheupe. Siku ya kwanza kitambaa kilipotoka na mstari mweusi, nilikaa nikakitazama muda mrefu nikifikiria miaka yote tuliyokula unga bila kujua. Uliza mashine yako ya jirani kama wana sumaku. Hata usiponunua kwangu kilo moja, ukiuliza swali hilo huko unakosagia, nitafurahi sana.

Kuhusu dona na sembe, kila mmoja anajua anachopenda nyumbani kwake. Dona inasagwa na kiini chake na ganda lake, kwa hiyo ina virutubisho vingi zaidi, lakini kiini kina mafuta, na unga ukikaa muda mrefu mafuta yale yanachacha na unga unakuwa mchungu. Ndiyo maana dona nasaga kidogo kidogo na tarehe ya kusagwa naiandika kwa kalamu kwenye kila mfuko. Anayependa dona achukue ya wiki mbili tatu, asijaze stoo. Unga wa lishe wa watoto sijaanza, ingawa nimeshaulizwa sana. Karanga zinashika sumukuvu upesi, na chakula cha mtoto wa miezi minane sitaki kukisaga kwa kubahatisha. Nitakapokuwa tayari nitasema.

Upande wa vibali: jina la biashara limesajiliwa BRELA, namba ya mlipakodi tunayo, na leseni ya Manispaa imebandikwa ukutani. Alama ya ubora ya TBS bado hatujapata. Tumeshapitia SIDO kwa barua ya utambulisho kama utaratibu wa wajasiriamali wadogo unavyotaka, na tunaendelea na hatua zinazofuata. Mtu akikuuliza, mwambie hivyo hivyo, usiniongezee sifa ambayo sijaipata.

Wengine mmeshanipigia kuuliza mnisaidieje. Nashukuru kwa moyo huo, na jibu langu ni hili. Aliye karibu na anayehitaji kusaga, aje siku yoyote. Anayemjua mama ntilie, shule au mtu mwenye mgahawa anayetafuta unga, amtajie tu kwamba tupo, kisha aniachie mimi mazungumzo. Na atakayekula unga wetu akakuta mchanga, harufu au uchungu, tafadhali aniambie mimi moja kwa moja siku hiyo hiyo. Huo ndio msaada ninaouhitaji kuliko mwingine, kwa sababu mteja wa mtaani akikuta kasoro haniambii, anahama tu. Ninyi ndio mnaoweza kuniambia ukweli tukabaki ndugu. Na mzee aliyetuombea dua tangu mashine iko kwenye maturubai, ameshatoa msaada wake, hadaiwi kitu.

Fedha msinitumie. Nasema hasa kwa mlio mbali, maana nawajua. Mkopo wa kikundi chetu cha VICOBA tumeshaupangia marejesho, na hesabu yake haitegemei mfuko wa mtu yeyote humu.

Dada yangu mkubwa wa Mazimbu, kama mnavyojua, ana duka na anauza unga wa watu wengine kwa miaka mingi. Tumeshaongea naye. Mnaonunua kwake endeleeni kununua kwake. Nitaumia kusikia kwamba mteja wake wa siku zote kahamia kwangu kwa kunionea haya. Morogoro ni kubwa, watu wanakula kila siku, na sisi wawili tutatosha.

Kuna jambo moja gumu kidogo na nimeona niliseme wakati bado hakuna aliyekwazika. Bei ni moja kwa wote, ndugu na mgeni, na mashineni hatukopeshi. Nimeona biashara nyingi za familia zikifa hivyo: kilo tano leo, kumi keshokutwa, mwisho mtu anazunguka njia ya nyuma ili asipite mlangoni kwako, na mmepoteza unga na mmepoteza undugu. Sitaki hilo litupate. Lakini mtu ambaye nyumbani kwake hakuna cha kupika, huyo hahusiani na mashine wala bei. Aje nyumbani, au anipigie usiku, na tutaongea kama tulivyolelewa. Hakuna atakayejua.

Jambo la mwisho ni mwaliko. Jumamosi hii, kuanzia saa 6 mchana, tutaizima mashine na kuwakaribisha mje muone mahali penyewe. Mchungaji atatuombea, shehe wa jirani yetu naye amekubali kuja, kisha tutakula. Nitapika ugali wa dona, kisamvu cha nazi na dagaa. Kwa asiyependa dona kutakuwa na wali. Siku hiyo hatuuzi chochote, na mizani nitaifunika kwa khanga. Msije na bahasha wala zawadi. Njooni na watoto, isipokuwa chumba cha mashine wataingia wakiwa wameshikwa mkono na mtu mzima. Atakayeweza kunijulisha kabla ya Ijumaa atanisaidia kukadiria chakula, na asiyejulisha akatokea tu, sahani yake ipo.

Baada ya ujumbe huu sitatangaza bei wala mzigo mpya kwenye kundi la ukoo. Kundi lile ni la kujuliana hali. Anayetaka kupata habari za unga ukitoka anitumie neno "unga" kwenye namba yangu hii ya siku zote, nitamweka kwenye orodha ya peke yake, na siku akichoka aniambie nimtoe.

Tunafungua Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Jumapili tunafunga. Umeme ukikatika tunasubiri urudi, kwa hiyo anayetoka mbali na gunia ni vizuri apige simu kwanza asije akasumbuka bure. Ukifika stendi ya Msamvu chukua bajaji ya Kihonda, ukaribie kwetu nipigie niongee na dereva. Mlango wetu ni wa bluu, na mashine utaisikia kabla hujauona.

Wenu katika upendo,
Mama Neema, pamoja na Baba Neema na watoto