Moli: nukuu za kidato cha tatu kabla ya jaribio la Jumamosi, Arusha

Fundi akitaka misumari 500 haketi dukani kuhesabu mmoja mmoja. Anapimiwa kwa kilo, kwa sababu anajua kilo moja ya misumari ya inchi ile ina mingapi. Sisi na atomu ni hivyo hivyo: hazihesabiki kwa mkono, kwa hiyo tunazipima kwenye mizani, kisha tunajua idadi yake.

Moli moja ni chembe 6.02 × 10²³. Hiyo ndiyo namba ya Avogadro. Tangu 2019 thamani yake kamili imewekwa kuwa 6.02214076 × 10²³. Chembe zenyewe zitajwe kila mara: moli ya atomu za oksijeni si moli ya molekuli za oksijeni.

Tungamo la moli moja (M) hupatikana kwa kujumlisha tungamo za atomu zilizomo kwenye fomula, kwa gramu. Sukari, kama ile inayotoka kwenye miwa ya Moshi, ni C₁₂H₂₂O₁₁:

M = (12 × 12) + (22 × 1) + (11 × 16) = 342 g/mol

Sasa pima gramu 17.1 za sukari, vijiko vichache tu vya chai.

n = m ÷ M = 17.1 ÷ 342 = 0.05 mol
N = 0.05 × 6.02 × 10²³ = 3.01 × 10²² molekuli

Swali likiuliza atomu, bado hujamaliza. Kila molekuli ya sukari ina atomu 45 (12 + 22 + 11), kwa hiyo zidisha kwa 45: 1.35 × 10²⁴.

Angalia njia tuliyopita. Kutoka gramu hatukurukia chembe, tulipitia moli. Moli ni kama stendi kuu: utoke kwenye gramu, chembe au ujazo wa gesi, lazima ushuke hapo kwanza ndipo upande gari la pili. Kuingia moli unagawanya (kwa M, kwa 6.02 × 10²³, au kwa 22.4), kutoka moli unazidisha.

Hiyo 22.4 ni ya gesi peke yake. Katika 0 °C na kanieneo ya kilopaskali 101.3, moli moja ya gesi yoyote huchukua takriban 22.4 dm³, iwe haidrojeni nyepesi au kaboni dayoksaidi nzito. Maji ni kimiminika: moli moja yake ni gramu 18, kama 18 cm³ tu. Usiyagawanye kwa 22.4.

Mfano: oksijeni 5.6 dm³ katika hali hiyo.

n = 5.6 ÷ 22.4 = 0.25 mol
m = 0.25 × 32 = 8 g

Wengi huandika gramu 4, kwa kuwa wametumia 16. Gesi ya oksijeni ni O₂.

Makosa mengine matatu tunayakuta kila muhula. Mtu hupewa 560 cm³ akagawanya kwa 22.4, akapata moli 25. Ingekuwa kaboni dayoksaidi, hiyo ni zaidi ya kilo moja ya gesi ndani ya chupa ndogo! Gawanya kwanza kwa 1000: 0.56 dm³, yaani 0.025 mol. La pili ni maji ya fuwele: Na₂CO₃·10H₂O ina M ya 286, si 106. La tatu ni kikokotoo. Ukibonyeza 3.01×10²³ ÷ 6.02 × 10²³ bila mabano, kinagawanya kwa 6.02 kisha kinazidisha kwa 10²³, na jibu linakuwa 5 × 10⁴⁵ badala ya 0.5. Weka mabano, au tumia kitufe cha EXP.

Jumamosi mtatia gramu 5.0 za kalsiamu kaboneti kwenye asidi ya haidrokloriki iliyozidi:

CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂

M ya CaCO₃ ni 100, hivyo mna 0.05 mol, na moli moja hutoa moli moja ya gesi. Kwenye karatasi: 0.05 × 22.4 = 1.12 dm³.

Lakini gesi mtakayoikusanya itakaribia 1.44 dm³. Msifute, na msidhani mizani imeharibika. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa hapa ni karibu kilopaskali 86, na chumba kina joto la kama 25 °C. Hewa inayoikandamiza gesi ni pungufu na joto limezidi, kwa hiyo gesi inatanuka, ingawa moli ni zile zile. Irudisheni kwenye hali ya kawaida, joto likiwa kwa kelvini:

V = 1.44 × (86 ÷ 101.3) × (273 ÷ 298) = 1.12 dm³

Mkipata pungufu kidogo, tazameni kama mlikusanya gesi juu ya maji: kaboni dayoksaidi huyeyuka humo. Tumieni bomba kubwa la sindano, na mfunge kizibo kabla asidi haijagusa unga.