Tulichokubaliana jana: bajeti ya harusi, Jumamosi 26 Septemba 2026

Mdogo wangu, na wewe wifi,

Jana tumeanza kuongea na chai ya saa kumi, tukaamka usiku kila mtu ana bei zake kichwani. Haya hapa ni yale yaliyopita tu. Mabishano nimeyaacha palepale sebuleni. Mkiwa Kariakoo au kwa mtu wa mapambo mkaanza kubanwa, fungueni ujumbe huu kwanza. Penye neno "imepita" hapafunguliwi tena mpaka tukae watatu.

*JUMLA*

Harusi nzima: 19,500,000. Imepita. Mle ndani matumizi ni 18,020,000 na akiba ya dharura ni 1,480,000. Akiba ninaishika mimi, na kuongeza maua si dharura.

Hela inatoka hapa:
- Bwana harusi 5,000,000
- Wifi 2,000,000
- Wazazi 3,000,000
- Michango ya kamati 9,500,000

Hapo kwenye michango ndipo tulipokaa muda mrefu, nirudie ili mtu asiseme nimepunguza. Kadi za ahadi zilizorudi zina jumla ya 14,250,000. Tumekubaliana kuhesabu theluthi mbili tu, ndiyo hiyo 9,500,000. Watu wa kwetu mnawajua: anaandika laki tatu mbele ya mjomba, siku ya kikao cha mwisho anatuma laki na salamu. Kilichoingia mpaka leo ni 3,100,000. Ikipita 9,500,000, ziada inaenda kwenye maisha yenu baada ya harusi, haiendi ukumbini. Wifi alisema hilo mara mbili na mimi namuunga mkono.

Namba ya kupokelea michango ni moja, ya mama mdogo ambaye ni mweka hazina. Mchangaji atume na ya kutolea. Mtu akikutumia wewe bwana harusi kwenye simu yako, ihamishie kwa mama mdogo siku hiyohiyo na jina lake uandike, maana orodha ya kadi inatoka kwenye daftari lake.

Mahari yalishaisha, hayamo humu. Kichen pati na sendofu ni za upande wa wifi, hazimo humu. Sisi kwenye sendofu ya tarehe 19 tunapeleka watu 20 na zawadi, na kila mtu anajinunulia nguo yake.

*WATU 200*

Imepita, kutoka 300. Upande wetu 110, upande wa wifi 70, ofisini kwenu na marafiki 20. Wanakamati wamo ndani ya hao, hawaongezwi pembeni.

Kadi ya singo 50,000, dabo 100,000. Msitoe kadi chini ya hapo isipokuwa kwa wazee wale tisa tuliowataja, ambao wanaingia bure na wanakaa mbele. Ukigawanya bajeti kwa watu, kila kichwa kinakula 97,500. Maana yake mwenye singo ya 50,000 bado mnamlipia karibu nusu. Ndiyo sababu "ongeza wawili tu, dada" nimeikataa na nitaendelea kuikataa.

Kadi za kuchapa 40 za wazee, zilizobaki zinatumwa kwa wasap zikiwa na alama ya kuskani mlangoni. Zote pamoja 250,000.

*UKUMBI NA CHAKULA*

Ukumbi: ule wa Sinza, si wa Mbezi Beach. 2,950,000. Mwenye ukumbi alitutajia 2,500,000 tukafurahi, kumbe hakuwa ameweka kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, ambayo ni 450,000. Bei yetu ni hiyo yenye kodi, na kila malipo tunadai risiti ya mashine. Advansi ya 1,000,000 imeshalipwa, salio 1,950,000 ni kabla ya 31 Agosti. Viti, meza na jenereta vimo. Vinywaji vyetu tunaruhusiwa kuingiza bila ada, na hilo liko kwenye mkataba ukurasa wa pili, nimelipigia mstari.

Chakula: sahani 210 kwa 22,000, jumla 4,620,000. Kumi za juu ni za mshereheshaji, watu wa muziki na wapiga picha. Wakikaa na njaa mnaona wenyewe picha zinavyotoka. Mpishi ni yule mama wa Mwenge. Pilau, wali mweupe, ndizi nyama, kuku wa kukaanga, rosti ya ng'ombe, mboga za majani, kachumbari, matunda. Samaki ametoka. Nyama na kuku wanapakua wahudumu. Wali na mboga mtu ajipakulie. Najua wifi hakupenda, anaona ni kuwanyima wageni, lakini bafe ya kujipakulia nyama inaisha meza ya kumi na mbili, na meza ya kumi na tatu ndiyo wamekaa wakwe. Kuonja ni Jumamosi 11 Julai, twende wote watatu, na bwana harusi usije umeshiba.

Vinywaji: 2,200,000, tunanunua wenyewe kwa jumla. Sharti: mwenye duka akubali kurudishiwa kreti ambazo hazijafunguliwa. Asipokubali, tunatafuta mwingine. Kaunta anakaa mjomba na daftari, kila kreti inayotoka anaandika imeenda meza gani. Kwenye harusi ya binamu bia "ziliisha" saa nne usiku, na asubuhi wakati wa kufagia zikaonekana kreti tano nyuma ya pazia la jukwaa.

Ndafu: mmoja, 300,000. Mbuzi ananunuliwa mnadani Pugu na baba mdogo, kwa sababu yeye ndiye anayejua kumkagua. Wa pili hakupita.

*VINGINE, KWA HARAKA*

- Mapambo 1,800,000. Maua mabichi meza kuu tu, kwingine kitambaa na taa. Rangi ni kijani cha zaituni na krimu.
- Mshereheshaji 700,000, muziki 600,000.
- Picha na video 1,500,000. Droni hapana.
- Keki 450,000, ya kuliwa yote. Zile ngazi za boksi tupu za kupigia picha hatuzitaki.
- Mavazi 1,350,000: gauni la kukodi 600,000, suti 350,000, wasimamizi wawili 400,000. Sare ya kamati kila mtu ajinunulie kitambaa.
- Saluni 300,000, wifi na msimamizi wake.
- Usafiri 550,000: Koasta mbili 400,000, mafuta 150,000. Gari la maharusi ni la shemeji, bure, tunaliosha na kulipamba sisi.
- Kanisa 200,000, sadaka na kwaya.
- Matarumbeta 250,000. Mama alisema bila matarumbeta haji, tukaacha kubishana.

*SAA NA NJIA*

Ibada Kimara saa nane mchana. Picha za Coco Beach zimefutwa. Jumamosi jioni kutoka Kimara ukapite Ubungo, uende mpaka Oysterbay, urudi Sinza, wageni watakuwa wamemaliza maji yote wanawasubiri nyinyi. Mnapiga picha uwanja wa kanisa na bustani ya ukumbi, basi. Msafara unashuka Morogoro Road, unakata Shekilango. Matarumbeta wanapanda gari yao Kimara na wanaanza kupiga mkifika Shekilango, si kabla.

Kuingia ukumbini saa kumi na mbili na nusu. Chakula saa mbili usiku, hata kama hotuba hazijaisha. Zawadi baada ya chakula, na upande wa bwana harusi unapanda kwa makundi, si mmoja mmoja. Saa sita kamili tunafunga, kila saa ya ziada ukumbini ni 200,000 na haimo kwenye bajeti.

*KANISANI NA SHERIA*

Fomu zifike ofisi ya usharika kabla ya 10 Agosti. Matangazo ni Jumapili tatu: 23 Agosti, 30 Agosti na 6 Septemba. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe siku zisizopungua 21 kabla ya ndoa, kwa hiyo tukianza tarehe 23 tuko salama hata Jumapili moja ikiteleza. Wifi, cheti chako cha ubatizo kiko kwenu kijijini: agiza wiki hii, wasikitume kwa dereva wa basi bila bahasha kama kile cha mwanzo.

*YALIYOKATALIWA, YASIRUDI*

Fataki. Gari la kifahari la kukodi. Moshi wa kutembelea mawinguni, ingawa bwana harusi aliutetea kwa nguvu zote. Sherehe ya kuvunja kamati: tutavunja kwa soda na mahesabu nyumbani kwa mama mdogo, Jumapili 4 Oktoba. Fungate si la kamati. Mkienda Zanzibar mtaenda kwa hela yenu, na msikope.

Mkopo kwa ajili ya harusi: hapana, wa benki, wa simu wala wa kikundi. Hili wote watatu tulisema kwa mdomo wetu.

*BADO HAIJAAMULIWA*

1. Wazee wanaotoka Moshi. Nauli wanajilipia, hilo limepita. Malazi bado: nyumbani Kimara watatosha sita, wanakuja kumi. Bwana harusi uliza bei ya vyumba viwili gesti ya jirani, uniambie kabla ya Jumatano.
2. Mshereheshaji yupi. Wa kwanza anachekesha lakini anaongea sana, wa pili ana nidhamu na saa. Mimi nipo kwa wa pili. Wifi ndiye mwenye neno la mwisho.
3. Watoto. Tulisema "wasije", halafu mama akauliza na wajukuu wake je. Pendekezo langu: wale wa kubeba pete na maua tu, wanne, wawe ndani ya 200. Nisipopata jibu mpaka Ijumaa nitaandika hivyo kwenye kadi.

Malipo yanayofuata: mpishi 2,310,000, nusu, ifikapo 15 Julai. Mpiga picha 500,000, mwisho wa mwezi huu mshahara ukitoka. Mapambo hatumpi kitu mpaka atuonyeshe vitambaa vyenyewe, si picha za simu.

Kikao cha kamati ni Jumapili 14 Juni saa tisa. Someni, na mahali nilipoandika bei tofauti na mnavyokumbuka, nipigieni leo usiku, si kwenye kikao mbele ya mjomba.

Dada yenu