Maneno ya kusoma kwenye video ya kumuaga Mama Zuhura wa Masijala

(Skrini nyeusi. Mhuri unagongwa mara tatu, pwa, pwa, pwa. Halafu honi ya pantoni.)

SAUTI: Shikamoo Mama Zuhura. Kaa hapohapo kiti cha mbele, usiinuke kwenda kuangalia kama mlango umefungwa, leo funguo ninazo mimi. Umeingia hii ofisi 1989 ukiwa na miaka 24, leo unatoka na 60 yako kamili, na sisi tumekuandalia faili. Ndio mama, faili, na kila klipu tumeipa folio maana tunakujua, ukikuta karatasi haina namba hata kama ni ya kukusifia utairudisha.

(Picha: geti, alfajiri, taa bado zinawaka.)

SAUTI: Folio namba moja ni ya kaka yetu wa getini, kwa sababu yeye ndo anakuonaga kabla ya sisi wote.

(Klipu ya mlinzi. Inaishia: "...saa moja na robo, mvua inyeshe isinyeshe, na ananiuliza nimekula.")

SAUTI: Saa moja na robo, na anatoka Kigamboni jamani! Sisi wa Magomeni tunafika saa mbili na nusu tunasingizia foleni. Daraja la Nyerere limefunguliwa 2016, wengine wote wa ng'ambo wakahamia huko na magari yao, Mama Zuhura kabaki na pantoni yake, tulipomuuliza akasema darajani watu wanapita tu, kwenye pantoni watu wanaongea. Nusu ya habari za hii ofisi zimevuka maji na yeye asubuhi.

(Hapa Baraka usiache nafasi, uhasibu waingie fasta mmoja baada ya mwingine.)

(Klipu tatu za wahasibu, sekunde tano tano. Kila mmoja anaishia na neno hilohilo: "Folio!")

SAUTI: Umesikia mama? Hatukuwapanga, tuliwarekodi siku tofauti. Uliza mtu yeyote humu ndani Mama Zuhura alimwambia nini siku ya kwanza kazini, hakuna aliyeambiwa karibu. Aliambiwa "folio iko wapi?" Mimi mwenyewe nilipeleka barua yangu ya kuripoti kazini, nimevaa vizuri, nimejiandaa, akaigeuza nyuma na mbele akanirudishia, kaandike namba mwanangu. Hiyo mwanangu ndo iliyonibakiza hapa.

(Picha: mabango ya kijani na njano, kisha mekundu na meupe.)

SAUTI: Sasa folio ya tano, na namba tano tumempa mkurugenzi makusudi, mama utusamehe.

(Klipu ya mkurugenzi amevaa jezi ya Yanga juu ya shati. Inaishia: "...Jumatatu asubuhi nikaingia masijala na barua yangu ya kurasa tano.")

SAUTI: Kwa wageni wetu, Novemba 5, 2023 ilikuwa Jumapili, Yanga kampiga Simba 5-1, na huyu mama ni Simba wa damu. Jumatatu bosi mzima kaleta barua mwenyewe kwa miguu yake, kurasa tano, anataka zihesabiwe kwa sauti. Ofisi nzima tuko mlangoni. Mama kavaa miwani, kahesabu, moja, mbili, tatu, nne, tano, hajaruka hata moja, akamaliza akachukua mhuri akagonga mara moja tu, pwa! Akasema "na hiyo moja ni yetu." Bosi alicheka mpaka akakaa chini kwenye stuli ya mafaili.

(Acha watu wacheke. Hesabu mpaka nane ndo uendelee.)

SAUTI: Dereva wetu anataka kusema la Jangwani.

(Klipu ya dereva. Inaishia: "...nikamwambia mama tusubiri maji yapungue, nikageuka hayupo.")

SAUTI: Hayupo, kashuka! Maji yamejaa Jangwani, magari yamesimama, mafaili manne ya kikao cha saa nne kayafunga kwenye khanga, kaweka kichwani, anatembea kurudi Fire atafute bodaboda. Kikao kilianza saa nne kamili na mafaili yalikuwa makavu, yeye ndo alikuwa amelowa.

(Klipu ya kijana wa kompyuta. Inaishia: "...umeme ukakatika, mfumo ukalala, bosi anataka jalada sasa hivi.")

SAUTI: Dakika mbili, kwa tochi ya simu. Lakini mama, huyu kijana kuna kitu hakusema kwenye klipu kwa aibu, ngoja nimsemee. Tulipoanza kuskani mafaili wengi tulijua utagoma. Wewe ndo ulikuwa unabaki naye mpaka saa kumi na mbili jioni unamsomea majina yaliyofifia, yale ya taipureta na kaboni, na chakula umembebea kwenye hotipoti. Anakuita mama na mama yake yupo.

(Muziki ushuke kabisa.)

SAUTI: Hii inayofuata ni ndefu kidogo, tumeiacha yote hatujakata.

(Klipu ya dada anayetuandalia chai. Inaishia: "...bila ile barua mimi na wanangu tungekuwa wapi.")

SAUTI: Mume wake alikuwa mwenzetu. Alipofariki, kwenye faili lake binafsi barua ya ajira ya kwanza haimo, na mirathi bila barua ile haisogei. Watu walishasema imepotea, tafuta namna nyingine. Mama Zuhura akasema karatasi haipotei, inakaa mahali pasipo pake. Wiki tatu, kila siku baada ya saa za kazi, anafungua jalada moja moja kwenye ile stoo ya nyuma yenye joto, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akaikuta kwenye faili la mtu mwingine mwenye jina linalofanana naye. Nilikuwepo. Hakupiga kelele, alikaa chini, akaisoma yote, akaiandikia namba, halafu akaniambia kamwite dada.

(Kimya. Picha ya Mama Zuhura stoo, ile aliyopigwa bila kujua.)

SAUTI: Mama, mimi kazi hii nimejifunza siku ile. Kabla ya hapo nilikuwa napanga makaratasi.

(Muziki urudi taratibu, taarabu ile anayoipenda, bila maneno.)

SAUTI: Tumebakiza folio moja. Huyu hafanyi kazi hapa, tumemfuata Kigamboni, tumevuka na pantoni kama wewe, tumemkuta barazani anamenya muhogo.

(Klipu ya Baba Zuhura, amevaa kanzu na kofia. Yote: "Mimi sina maneno mengi. Kwenye ofisi yenu kuna faili langu, mmekaa nalo miaka 36. Nakuja kulichukua.")

(Video isimame kwenye uso wake. Mlango wa ukumbi ufunguliwe, Baba Zuhura aingie.)

SAUTI: Mama usilie kwanza, kuna utaratibu. Daftari la mafaili yanayotoka liko mezani mbele yako, ni lile lile lako, nimeshajaza tarehe na jina la anayechukua. Baba, karibu, saini hapo kwenye mstari. Safu ya tarehe ya kurudisha nimeipiga mstari. Baraka, washa taa.