Maswali ya prosesi kosti kwa ajili ya pepa: uniti sawia, kazi ya mwanzo na hasara ya kawaida

Haya wadau, maswali ndo haya. Matatu tu, ila yote yanatumia kiwanda kimoja na namba zilezile nabadilisha kitu kimoja kimoja, ili uone kinachohama na kisichohama. Chukua karatasi, usisome majibu kabla hujafanya.

Swali la 1 (alama 20)

Prosesi ya 2, taarifa za mwezi mmoja:

- Kazi inayoendelea mwanzo wa mwezi: uniti 400, malighafi imekamilika yote, leba na ovahedi asilimia 60. Thamani yake: malighafi 7,510, leba na ovahedi 1,935.
- Zimeingia toka prosesi ya 1: uniti 5,000, gharama 92,000. Hii ndo malighafi ya prosesi ya 2, hakuna kingine kinachoongezwa.
- Leba na ovahedi za mwezi: 44,100.
- Hasara ya kawaida ni asilimia 10 ya uniti zilizoingia mwezi huu, skrapu inauzwa 4 kwa uniti. Hasara inagundulika mwisho kabisa wa prosesi.
- Zimekamilika na kupelekwa prosesi ya 3: uniti 4,300.
- Kazi inayoendelea mwisho wa mwezi: uniti 500, malighafi asilimia 100, leba na ovahedi asilimia 50.

Unatakiwa: (a) jedwali la uniti sawia kwa fifo, (b) gharama kwa uniti sawia, (c) akaunti ya prosesi ya 2, (d) akaunti ya hasara isiyo ya kawaida, (e) rudia (b) na (c) kwa wastani.

Jibu

Anza na uniti halisi, asilimia ziache kwanza. Zilizokuwepo 400 na zilizoingia 5,000 jumla 5,400. Zilizotoka 4,300 na zilizobaki 500 ni 4,800, kwa hiyo zimepotea 600. Ya kawaida ni 500 (asilimia 10 ya 5,000, sio ya 5,400, soma swali vizuri hapo maana mtahini anaiweka ile 400 makusudi), basi 100 ni hasara isiyo ya kawaida.

Sasa jedwali la fifo:

| | Uniti | Malighafi | Leba na ovahedi |
|---|---|---|---|
| Kazi ya mwanzo kumaliziwa | 400 | 0 | 160 |
| Zilizoanza na kuisha mwezi huu | 3,900 | 3,900 | 3,900 |
| Hasara ya kawaida | 500 | 0 | 0 |
| Hasara isiyo ya kawaida | 100 | 100 | 100 |
| Kazi ya mwisho | 500 | 500 | 250 |
| Jumla | 5,400 | 4,500 | 4,410 |

Ile 160 ni asilimia 40 ya 400, yaani kazi iliyobakia kufanywa, watu wengi wanaandika 240 hapo kwa sababu macho yanaiona ile 60 kwenye swali. Fifo inauliza mwezi huu umefanya kazi kiasi gani, ile 60 ilishafanywa mwezi uliopita na gharama yake imeshakaa kwenye 1,935. Na 3,900 ni 4,300 toa zile 400 za zamani.

Hasara ya kawaida inapewa sifuri kote, hata kama uniti zenyewe zilifika hadi mwisho wa prosesi ndo zikatupwa. Hatuipi gharama kwa sababu ilitarajiwa, mzigo wake unabebwa na uniti nzima. Kitu pekee inachotoa ni pesa ya skrapu, 500 mara 4 = 2,000, na hiyo inapunguza malighafi, haiguzi leba.

Malighafi: 92,000 toa 2,000 = 90,000, gawa 4,500 = 20.
Leba na ovahedi: 44,100 gawa 4,410 = 10.
Jumla 30 kwa uniti.

Zilizotoka: kazi ya mwanzo 9,445 (7,510 + 1,935) jumlisha kumalizia 160 × 10 = 1,600, inakuwa 11,045. Zilizoanza na kuisha 3,900 × 30 = 117,000. Jumla 128,045.
Hasara isiyo ya kawaida 100 × 30 = 3,000.
Kazi ya mwisho 500 × 20 + 250 × 10 = 12,500.

Akaunti ya prosesi, debiti: kazi ya mwanzo 9,445, toka prosesi ya 1 92,000, leba na ovahedi 44,100, jumla 145,545. Krediti: hasara ya kawaida 2,000, hasara isiyo ya kawaida 3,000, kwenda prosesi ya 3 128,045, kazi ya mwisho 12,500, jumla 145,545. Safu ya uniti nayo iandike, 5,400 kila upande, ina alama zake.

(d) Debiti 3,000, krediti skrapu ya zile uniti 100 yaani 400, inayobaki 2,600 inaenda akaunti ya faida na hasara. Isirudi kwenye prosesi kabisa.

(e) Kwa wastani hujali nani alianza lini, zilizotoka zote 4,300 zinahesabika kamili. Malighafi 4,300 + 100 + 500 = 4,900, leba na ovahedi 4,300 + 100 + 250 = 4,650. Gharama sasa unachanganya na za mwanzo: (7,510 + 90,000) gawa 4,900 = 19.90, na (1,935 + 44,100) gawa 4,650 = 9.90. Jumla 29.80. Zilizotoka 128,140, hasara isiyo ya kawaida 2,980, kazi ya mwisho 12,425, ongeza skrapu 2,000 inarudi 145,545 ileile. Imeshuka chini ya 30 kwa sababu kazi ya mwanzo ilitengenezwa kwa bei nafuu zaidi.

Swali la 2 (alama 8)

Kila kitu kama swali la 1, ila zilizotoka ni 4,450. Fifo. Andika akaunti ya prosesi.

Jibu

Zimepotea 450 wakati tulitegemea 500, hivyo faida isiyo ya kawaida uniti 50. Kwenye jedwali hizi 50 unazitoa, hujumlishi: malighafi 4,050 + 500 − 50 = 4,500, leba na ovahedi 160 + 4,050 + 250 − 50 = 4,410. Umeona? Namba zilezile, 20 na 10 zilezile. Si bahati, hasara au faida isiyo ya kawaida inatengwa pembeni ili uniti nzuri zisipande wala kushuka bei kwa sababu ya mambo ambayo hayakutegemewa.

Debiti inaongezeka 50 × 30 = 1,500, jumla 147,045. Krediti: zilizotoka 11,045 + 121,500 = 132,545, kazi ya mwisho 12,500, hasara ya kawaida 2,000 (iache 2,000, usiandike 1,800 japo skrapu halisi ni 1,800). Ile 200 inakatwa kwenye akaunti ya faida isiyo ya kawaida, inayoenda faida na hasara ni 1,300.

Swali la 3 (alama 6)

Rudi swali la 1, ila hasara inagundulika prosesi ikiwa asilimia 70, na leba na ovahedi za mwezi ni 43,800. Fifo.

Jibu kwa kifupi

Hasara isiyo ya kawaida ni 100 malighafi, lakini 70 tu leba na ovahedi, jumla ya safu inakuwa 4,380 na gharama bado 10. Thamani yake 2,000 + 700 = 2,700, zilizotoka 128,045, kazi ya mwisho 12,500, skrapu 2,000, pande zote 145,245. Ukipata 3,000 kwenye hasara, hukuisoma ile 70.